Kodi ya dola, malipo ya fedha ya ndani: uchambuzi wa barua mbili za mwenye nyumba

Kuhusu kisa hiki

Jengo, mji, nchi na wahusika wote wamefichwa. Fedha ya nchi nimeiita fedha ya ndani, na viwango vyote nimevigawa kwa namba moja ili hesabu ianzie kwenye 100 kwa dola. Uwiano haujabadilika, kwa hiyo asilimia na mabishano ni yale yale. Wapangaji wanaotajwa ni watatu tu kati ya wote waliokuwamo, nao nimewaita wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Usuli

Mwenye nyumba alijenga kwa mkopo wa benki uliohesabiwa kwa dola, na marejesho yake ya kila mwezi ni ya dola. Ndiyo sababu aliyoitoa ya kupanga kodi kwa dola, na ni sababu ya kweli, ingawa marejesho hayo yalikula takriban nusu tu ya kodi yote. Nusu iliyobaki ilikwenda kwenye mlinzi, maji, matengenezo na matumizi ya nyumbani kwake, na hayo yote yalilipwa kwa fedha ya ndani. Nusu hii itarudi mbele, maana ndiyo iliyokuwa hoja ya wapangaji.

Mkataba wa pango ulisema kodi ni dola 600 kwa mwezi, inalipwa tarehe 1, na mpangaji ana nafasi hadi tarehe 5. Kisha kilifuata kifungu ambacho hakuna aliyekisoma mara mbili wakati wa kutia saini: kodi inaweza kulipwa kwa dola "au kwa fedha ya ndani kwa kiwango cha siku". Kwa muda mrefu dola ilikuwa imetulia, na kila mtu alilipa kwa kiwango alichokiona kwanza. Tofauti zilikuwa ndogo kiasi kwamba msimamizi wa jengo alizipuuza.

Kilichotokea

Dola ilianza kupanda. Tarehe 25 ya mwezi ambao ugomvi ulianza, kiwango cha kati cha benki kuu kilikuwa 100. Tarehe 1 kilifika 102, Ijumaa ya tarehe 5 kikawa 103, na Jumatatu ya tarehe 8 kikawa 106.

Mpangaji wa kwanza alitazama ankara yake, iliyoandikwa tarehe 25, akazidisha 600 kwa 100 na kulipa 60,000 tarehe 1. Wa tatu alilipa siku hiyo hiyo, lakini yeye alifungua ukurasa wa benki yake na kuchukua bei ambayo benki inanunulia dola, 100.5, akalipa 60,300. Wa pili ni mhasibu. Alingoja hadi Ijumaa, akachukua kiwango cha benki kuu cha siku hiyo, 103, akatuma 61,800. Fedha zake ziliingia kwenye akaunti ya mwenye nyumba Jumatatu.

Msimamizi naye alikuwa na hesabu yake ya nne. Alichukua bei ambayo benki ya mwenye nyumba inauzia dola siku fedha zilipoingia, kwa kuwa ndiyo bei ambayo mwenye nyumba angelipa akitaka dola za mkopo. Tarehe 1 bei hiyo ilikuwa 103.5, na tarehe 8 ilikuwa 107.5. Kwa hesabu hiyo wa kwanza alipungukiwa 2,100, wa tatu 1,800, na mhasibu, ambaye kati ya watatu ndiye aliyelipa nyingi zaidi, alipungukiwa 2,700. Msimamizi aligeuza mapungufu hayo kuwa dola na kuyaandika kwenye taarifa ya mwezi uliofuata: malimbikizo dola 20.29, dola 17.39 na dola 25.12.

Hebu tazama vizuri hapo. Watu watatu wamelipa ndani ya muda, kila mmoja ana kiwango anachoweza kukionyesha, na wote watatu wameamka ni wadaiwa. Anayedaiwa zaidi ndiye aliyelipa zaidi. Taarifa yenyewe haikueleza kiwango kilichotumika wala tarehe yake. Iliandika "malimbikizo" na namba ya dola, basi.

Hali hiyo iliendelea kwa miezi minne. Mpangaji wa tatu, aliyekuwa anahofia kunyimwa mkataba mpya, alilipa malimbikizo yake kimya kimya. Mhasibu aliandika kuuliza na hakujibiwa.

Barua ya kwanza

Mwenye nyumba aliandika barua mwenyewe baada ya marejesho ya mkopo kumbana. Ilikuwa fupi, na sehemu iliyozua moto ni hii:

"Ndugu Mpangaji, nakukumbusha kwamba kodi ni ya dola. Kuanzia sasa, na kwa miezi minne iliyopita, malipo kwa fedha ya ndani yatahesabiwa kwa kiwango cha soko cha siku ya malipo."

Alidhani amefafanua. Kwa kweli aliongeza maswali matatu juu ya lile moja lililokuwapo.

"Kiwango cha soko" si namba moja. Siku hiyo hiyo kuna bei ya kununua, bei ya kuuza na ya katikati, na kila benki ina yake. Baadhi ya benki hubadilisha bei asubuhi na mchana, na mteja mkubwa hupewa bei nafuu kuliko iliyobandikwa. Kati ya bei ya kununua na ya kuuza kwenye jengo hili palikuwa na pengo la karibu asilimia 3, yaani 1,800 kwa kodi ya mwezi mmoja, hata kabla dola haijasogea.

"Siku ya malipo" nayo ina sura tatu: siku ambayo malipo yanatakiwa, siku mpangaji anapotuma, na siku fedha zinapoingia. Kwa mhasibu, kati ya sura ya kwanza na ya tatu dola ilisogea kutoka 102 hadi 106, ambayo ni tofauti ya 2,400.

Lililokasirisha zaidi ni maneno "na kwa miezi minne iliyopita". Barua inaweza kueleza jinsi mkataba unavyofanya kazi. Haiwezi kuubadilisha kwa siku zilizokwisha kupita. Wapangaji waliijibu kwa pamoja, na jibu lao, lililoandikwa na mhasibu, lilikuwa la adabu na gumu: "Mzee wetu, tunakubali kodi ni dola 600. Tunaomba utuonyeshe mahali ambapo sisi na wewe tunaweza kusoma namba moja." Waliendelea kulipa, lakini kila mmoja kwa kiwango chake, na wawili walisimamisha malipo ya malimbikizo.

Maamuzi na sababu zake

Jalada lilinifikia katika hatua hii, baada ya pande mbili kukubali kukaa. Kikao kilijikita kwenye mambo mawili: namba ya nani, na tarehe gani.

Kwenye namba, mwenye nyumba alishikilia bei ya kuuza ya benki yake. Hoja yake ilikuwa na uzito: akipokea 60,000 wakati benki inauza dola kwa 101.5, atapata dola 591 na senti, si 600. Wapangaji walimjibu kwa ile nusu. Kodi inayobadilishwa kuwa dola ni nusu tu. Nusu nyingine hainunui dola yoyote, na kutoza bei ya kuuza juu yake ni kuongeza kodi kwa mlango wa nyuma. Mwishowe alikubali kiwango cha kati cha benki kuu. Kilichomshawishi hasa si haki ya hoja bali urahisi wa ushahidi. Kiwango cha benki kuu kinabandikwa hadharani, kinahifadhiwa kwa tarehe, na mtu anaweza kukirudia baada ya miaka miwili akakikuta hakijabadilika. Bei ya kuuza ya benki ya saa nne asubuhi ya tarehe fulani huwezi kuithibitisha bila kumwomba karani.

Kwenye tarehe, pande zote mbili zilianza kwa kutaka siku ya malipo. Inaonekana ni ya haki: unalipa leo, unatumia kiwango cha leo. Lakini ina kasoro mbili. Mpangaji hajui atadaiwa kiasi gani hadi asubuhi ya kulipa, hivyo mshahara wake wa tarehe 28 hawezi kuupangia. Pia inamfanya kila mmoja awe mchezaji wa soko, anayengoja siku mbili akitumaini dola itashuka.

Tarehe iliyowekwa kabla huondoa kasoro hizo, ila inaleta yake. Kiwango kikigandishwa bila kikomo, anayechelewa hunufaika dola inapopanda. Aliyepaswa kulipa 60,000 akalipa 60,000 ile ile miezi miwili baadaye, kiwango kikiwa 110, amelipa dola 545. Deni lake limeliwa na muda, na mwenye nyumba ndiye aliyelipia. Kwa sababu hiyo kuligandishwa kiwango kwa siku chache tu.

Barua ya pili

Barua iliyotoka kwenye kikao iliandikwa kama nyongeza ya mkataba, ikiwa na nafasi ya saini za pande zote mbili, na ilianza kutumika mwezi uliofuata saini. Kiini chake kilikuwa aya hii:

"Kodi ni dola 600. Anayelipa kwa fedha ya ndani atatumia kiwango cha kati cha dola kilichotangazwa na benki kuu kwa tarehe 25 ya mwezi unaotangulia. Tarehe 25 isipokuwa siku ya kazi, kitatumika cha siku ya kazi iliyo nyuma yake. Kiwango hicho na kiasi cha kulipa vitatangazwa kwa wapangaji tarehe 26, na vitadumu kwa malipo yote yaliyotumwa hadi mwisho wa tarehe 5. Siku ya kutuma ni ile iliyoandikwa kwenye stakabadhi ya benki ya mpangaji, mradi fedha ziingie ndani ya siku tatu za kazi. Kinachotumwa baada ya tarehe 5 kitahesabiwa kwa kiwango cha siku ya kutuma au cha tarehe 25, kile kilicho kikubwa. Salio lolote litaandikwa kwa dola."

Chini yake kulikuwa na mfano mmoja uliokokotolewa: kiwango cha tarehe 25 ni 100, kodi ni 60,000, aliyetuma 40,000 tarehe 3 ametambuliwa dola 400, akituma iliyobaki tarehe 12, kiwango kikiwa 107, atalipa 21,400 kwa dola 200. Nilisisitiza mfano huo uwemo. Wapangaji wengi hawakusoma aya. Walisoma mfano, wakaelewa aya.

Risiti nayo ilibadilishwa. Kila risiti sasa ina kiasi kilichopokelewa, kiwango, tarehe ya kiwango, na dola zilizotambuliwa. Ile taarifa ya "malimbikizo" yenye namba moja tupu ilikufa hapo.

Kwa miezi minne iliyopita, mtu alijaribu kutumia kanuni mpya kurudi nyuma, kukatokea jambo la kuchekesha. Kwa kiwango cha tarehe 25, wa kwanza hakudaiwa kitu kwa ule mwezi wa kwanza, na mhasibu, kwa 61,800 zake, alikuwa amelipa dola 618. Yule aliyeandikiwa deni kubwa ndiye aliyekuwa anamdai mwenye nyumba. Wakakubaliana kufuta pande zote, isipokuwa mpangaji wa tatu: malimbikizo aliyokwisha kuyalipa yalihamishiwa kwenye kodi yake ya mbele, kwani isingekuwa sawa mtu aadhibiwe kwa kutii.

Matokeo

Miezi iliyofuata malimbikizo yaliisha na maswali kwa msimamizi yakapungua. Jaribio la kweli lilikuja dola iliposhuka. Tarehe 25 kiwango kilikuwa 109, na tarehe 3 kikawa 105. Waliolipa kwa fedha ya ndani walitakiwa kutoa 65,400 wakati kwa kiwango cha siku ile wangetoa 63,000. Wapangaji walewale waliokubali kuiacha siku ya malipo sasa waliiomba. Msimamizi alikataa, akawaonyesha saini zao.

Hapo mhasibu akaona tundu. Mkataba bado ulimruhusu kulipa dola zenyewe. Akaenda benki, akanunua dola 600 kwa bei ya kuuza, 106.5, kwa 63,900, akalipa dola. Aliokoa 1,500 bila kuvunja neno lolote la barua. Mwezi uliofuata wenzake wanne walifanya vivyo hivyo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kuchagua chanzo cha hadharani na tarehe moja kulimaliza ugomvi, na nadhani kungeumaliza hata kama tarehe ingekuwa 20 au 28. Tarehe yenyewe ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachohitajika ni iwe kabla ya mshahara kugawanywa na karibu na siku ya kulipa kiasi kwamba kiwango hakijatoroka. Siku tano hadi kumi zinatosha. Kwenye nchi ambayo fedha yake inaanguka kwa kasi hata hizo ni nyingi, na hapo mwenye nyumba atabeba hasara ambayo barua haiwezi kuizuia.

Kifungu cha "kile kilicho kikubwa" kililalamikiwa kuwa kinaegemea upande mmoja. Ni kweli, kinaegemea. Nilikitetea kwa sababu kinamgusa aliyechelewa peke yake, naye alikuwa na siku kumi za kutumia kiwango kisichosogea. Kama kingewekwa juu ya wote, ningeshauri wapangaji wasitie saini.

Kushindwa kulikuwa kwenye lile tundu la mhasibu, na ni kosa la muundo wa barua, wala si ujanja mbaya wa mtu. Ukimpa mlipaji kiwango kilichogandishwa na wakati huo huo ruhusa ya kulipa dola, umempa uchaguzi wa bure. Dola ikipanda kati ya tarehe 25 na 5 atalipa fedha ya ndani kwa kiwango cha zamani. Ikishuka vya kutosha kufidia pengo la bei ya benki, atanunua dola. Mwenye nyumba anapata upande mbovu kila mara. Kwa kodi ya nyumba moja ni hela ndogo, lakini kwa jengo zima lenye mkopo wa dola inaonekana kwenye vitabu. Dawa iliyokubaliwa ni mpangaji kutaja njia yake ya kulipa kabla ya tarehe 25, na kubaki nayo kwa miezi mitatu.

Pia ipo mipaka ya kisheria ambayo hakuna barua inayoivuka. Tanzania, kwa kanuni zilizotolewa Machi 2025, ilipiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Zambia iliweka katazo la namna hiyo mwaka 2012 na kuliondoa mwaka 2014. Mahali ambapo katazo lipo, barua kama ile ya pili, ikiwa na saini na mfano wa hesabu, inageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika. Kisa hiki kilitokea ambako kodi ya dola iliruhusiwa, na jambo hilo lilikaguliwa kabla ya kikao, si baada yake.

Lililobaki: amana

Barua zote mbili zilizungumzia kodi tu. Mpangaji wa kwanza alipohama, ikagundulika kwamba amana yake ya mwezi mmoja, iliyoandikwa kwenye mkataba kuwa dola 600, aliilipa zamani kwa fedha ya ndani, 51,000, kiwango kikiwa 85. Msimamizi alitaka kumrudishia 51,000, "zile zile alizoleta". Siku hiyo kiwango kilikuwa 104, na dola 600 zilikuwa 62,400.

Mwenye nyumba alijitetea kwamba fedha zile hazikukaa kwenye akaunti ya dola. Hoja hiyo haikusimama mbele ya mkataba wake mwenyewe: kama deni la mpangaji linaandikwa kwa dola ili lisiliwe na muda, deni la mwenye nyumba kwa mpangaji lina haki hiyo hiyo. Alilipa kwa hesabu ya 62,400, akikata humo gharama ya kupaka rangi, ambayo ilibishaniwa kivyake. Nyongeza ya mkataba iliyotumika baada ya hapo ina sentensi moja zaidi: amana inarudishwa kwa idadi ya dola zilizoandikwa kwenye risiti yake, kwa kiwango cha kati cha benki kuu cha siku funguo zinapokabidhiwa.